Tupeane uzoefu: koma, nukta na tarehe zinazogeuka ukibandika jedwali kutoka kila upande

Ndendere_Bukavu
Habari zenu wote. Wiki hii nakusanya jedwali za ripoti ya robo mwaka. Moja imetoka kwa wenzetu wa Goma, nyingine Kampala, nyingine ilinakiliwa kwenye PDF. Hapa kwetu 12,5 ni kumi na mbili na nusu, kule Kampala wanaandika 12.5. Tarehe ndiyo usiseme. Waliopitia haya, elezeni mlivyofanya, hasa pale yalipoharibika. Wengi tunabandika, tunaona seli zimejaa, tunaendelea.

Katuba_Lushi
Kaka, hiyo ni kazi ya dakika moja. Ctrl+H, unatafuta koma, unaweka nukta, basi.

MamaLabo_Kenya
Katuba, usimfundishe hivyo, nakuomba. Ukifanya hivyo kwenye Excel ya Kifaransa, 12.5 inaweza kuwa maandishi tu, ikakimbilia kushoto mwa seli na jumla isiihesabu. Na kama kuna mstari ambao koma yake ni ya maelfu, umeshaua namba.

Katuba_Lushi
Mimi nafanya miaka yote na sijaona shida.

MamaLabo_Kenya
Kwa sababu jedwali zako zinatoka sehemu moja. Yeye amesema zinatoka kila upande.

Himbi_juu
Mmenikumbusha jambo la kahawa, acha nilieleze lote, kwa sababu kulikuwa na mtu karibu apoteze kazi.

Ilikuwa 2023, ripoti ya Aprili hadi Juni. Ushirika mmoja huku Kivu ulikuwa unauza kwa mnunuzi mwenye ofisi upande wa Waingereza. Karani wa depo alikuwa na daftari lake, mnunuzi alikuwa na jedwali lake. Mwezi wa saba biro ikalinganisha vitabu viwili, ikakuta mnunuzi amepokea kidogo sana kuliko kilo zilizotoka depo. Kila mtu akamgeukia karani. Mzee wa watu, ameshika funguo za depo miaka na miaka, leo anaulizwa kahawa ameiuza wapi. Mimi niliitwa kuangalia faili tu.

Nawapa kamio nne za jedwali la mnunuzi kama zilivyoandikwa: 1,250 kisha 980 kisha 1,400 kisha 875. Hizo ni kilo, na koma ni ya maelfu. Jumla yake ni kilo 4505. Aliyebandika alikuwa na kompyuta ya mpangilio wa Kifaransa. Kompyuta ikaona 1,250, ikasoma kilo moja na robo. Ikaona 1,400, ikasoma kilo moja na gramu mia nne. 980 na 875 hazina koma, zikabaki nzima. Jumla ikatoka 1857,65. Kilo 2647 na zaidi "zimeibiwa" na koma mbili.

Angalieni hatari iko wapi. Hakuna alama nyekundu, hakuna onyo, namba zote zimekaa kulia kama namba halali. Kosa la upande mwingine linajionyesha: gunia la 12,500, yaani kilo kumi na mbili na nusu, likiingia kwenye kompyuta ya Kiingereza linakuwa elfu kumi na mbili na mia tano, na kila mtu anashangaa. Namba ikivimba, jicho linaiona. Ikisinyaa, inajificha katikati ya mia tisa na mia nane.

Nilichofanya kwanza ni kupanga safu kutoka ndogo kwenda kubwa. Juu kabisa zikajipanga 1,15 na 1,25 na 1,4, halafu ghafla 640. Hakuna kamio inayobeba kilo moja. Hapo nikaomba faili asili la mnunuzi, sikugusa lile lililobandikwa.

Birere_Mjasiri
Yesu wangu. Na karani?

Kadutu_Ngazi
Ndiyo, karani ikawaje? Walimwomba msamaha?

Ndendere_Bukavu
Na mimi nataka kujua, lakini Himbi, malizia pia upande wa tarehe.

Himbi_juu
Karani alibaki kazini. Shefu alimfuata mwenyewe depo akamwambia mbele ya wapakiaji. Nilimwona mzee akikunja daftari lake, hakujibu neno.

Tarehe sasa. Mnunuzi alikuwa anaandika mwezi kwanza: 04/05/2023 ni tarehe 5 Aprili. Kompyuta yetu ikasoma 4 Mei. Ile ya 04/11/2023, yaani 11 Aprili, ikawa 4 Novemba, na ripoti yenyewe tunaiandika Julai! Lakini 04/18/2023 haikuweza kugeuka, kwa kuwa hakuna mwezi wa 18, ikabaki maandishi upande wa kushoto. Kwa hiyo safu moja ilikuwa na vitu viwili: siku za 1 hadi 12 zimegeuka kimyakimya (isipokuwa siku inapolingana na mwezi, kama 04/04), na za 13 kwenda mbele zimebaki maandishi. Jumla ya kila mwezi iliruka hizo za maandishi zote. Nusu ya Aprili haikuwepo, na nyingine ilitawanyika hadi Desemba.

Kadutu_Ngazi
Kumbe! Mimi huwa naona tarehe nyingine kushoto nyingine kulia nikadhani ni mtindo tu. Nilikuwa nabonyeza kitufe cha kuzipanga katikati.

Himbi_juu
Dada, usizipange katikati kabla ya kukagua. Ule upande ndio unaokuambia ukweli. Chuja safu uone kama kuna tarehe halali yenye siku zaidi ya 12. Kama hakuna hata moja, na zote za 13 hadi 31 ni maandishi, safu imegeuzwa.

Muzungu_wa_Takwimu
Suluhisho ni moja: wekeni Windows nzima kwa Kiingereza, kila kitu kitalingana.

MamaLabo_Kenya
Hapo kuna ukweli nusu. Ukibadilisha kabla ya kufungua faili la mnunuzi, namba zake zitasomeka sawa, na tarehe pia kama ni Kiingereza cha Marekani. Ila za Goma na Bukavu ndizo zitaharibika sasa. Na tarehe iliyokwisha kugeuka haitarudi kwa sababu umebadilisha Windows. Ndani ya seli ni namba ya siku, tayari ni 4 Mei. Utabadilisha sura yake, si siku yenyewe.

Muzungu_wa_Takwimu
Ndiyo maana nasema mngeanza na Kiingereza tangu mwanzo.

MamaLabo_Kenya
Na zone za afya zinazotuma kwa Kifaransa uziambie nini? Tuache.

Ndendere_Bukavu
Mama, wewe unafanyaje?

MamaLabo_Kenya
Mimi niko Lubumbashi, komini ya Kenya, tunapokea teneri za shaba, yaani kiwango cha shaba ndani ya mawe. Maabara moja inatuma 2,35, nyingine 2.35. Siku moja faili la CSV lilitumia koma kutenganisha safu na koma hiyohiyo ndani ya namba. 2,35 ikapasuka: 2 kwenye safu moja, 35 kwenye safu ya pili, na kobalti ikasukumwa mbele. Tuligundua kwa sababu mistari ile ilikuwa na safu moja zaidi ya kichwa. Tangu hapo sifungui CSV kwa kuibonyeza mara mbili. Naiingiza, na safu zote nazisoma kwanza kama maandishi.

Jedwali la kubandika pia: chagua safu, ziwekee aina ya Texte, ndipo ubandike bila sura ya huko ilikotoka. Hapo 1,250 inabaki 1,250 kama ilivyoandikwa. Kisha weka safu ya chanzo, kila mstari useme umetoka kwa nani. Bila safu hiyo hakuna fomyula itakayojua koma ni ya nini. Kwenye Excel ya Kifaransa, chanzo kikiwa B na namba ikiwa C:

```
=SI(OU(B2="mnunuzi";B2="Kampala");
 VALEURNOMBRE(C2;".";",");
 VALEURNOMBRE(SUBSTITUE(C2;CAR(160);"");",";"."))
```

Mnunuzi na Kampala: nukta ni ya desimali, koma ni ya maelfu. Wengine: kinyume chake. CAR(160) ni ile nafasi isiyovunjika inayokuja na PDF na kurasa za mtandao. Unaiona kama nafasi ya kawaida, lakini inazuia namba kusomeka. Ikikataa bado, jaribu UNICAR(8239), nafasi nyembamba zaidi.

Himbi_juu
Sawa kabisa. Na kwa tarehe ambazo zimeshageuka na faili asili halipo:

```
=SI(ESTTEXTE(A2);
 DATE(DROITE(A2;4);GAUCHE(A2;2);STXT(A2;4;2));
 DATE(ANNEE(A2);JOUR(A2);MOIS(A2)))
```

Za maandishi inazisoma mwezi kwanza, zilizogeuka inazirudisha. Masharti: mistari yote iwe ya chanzo kimoja, mwezi na siku viwe na tarakimu mbili, na kusiwe na saa nyuma ya mwaka. Tena iandike kwenye safu mpya, mara moja tu. Ukiirudia juu ya matokeo yake, unazigeuza upya.

Katuba_Lushi
Sawa, hapo nimeelewa. Lakini kwenye ripoti ya mwisho mnaandikaje? Mimi natumia 05/04/2023, Wakongo wote wanaisoma.

Himbi_juu
Naandika 2023-04-05. Mwaka, mwezi, siku. Huyu wa Kampala na huyu wa Uvira hawatabishana.

Katuba_Lushi
Shefu wangu ataniuliza hiyo ni namba ya simu ya nani.

MamaLabo_Kenya
Katika jedwali la data, 2023-04-05. Katika maelezo, andika "5 Aprili 2023". Na koma iache kwenye ripoti ya Kifaransa, msomaji wako ndiye huyo. Nukta iwe kwenye faili linalotumwa nje.

Muzungu_wa_Takwimu
Sikubaliani. Namba mbili tofauti kwa ripoti moja ni kutafuta ugomvi mwingine.

Birere_Mjasiri
Mimi swali langu ni la duka. Nimeandikiwa bei 1.500 kwenye fakture. Ni dola moja na nusu au nini?

Kadutu_Ngazi
Kama ni franga, ni elfu moja mia tano. Nani ana franga moja na nusu siku hizi?

Himbi_juu
Na kama ni dola, usikisie, piga simu kwa aliyeandika. Bei ya mistari mingine ya bidhaa hiyohiyo inasaidia kidogo, lakini haithibitishi.

Sake_Njiani
Nyongeza moja. Ukikuta tarehe zote ziko nyuma kwa miaka minne na siku moja, usihangaike na siku na mwezi. Faili limeanzia kwenye Mac ya zamani inayohesabu kutoka 1904. Ongeza 1462.

Ndendere_Bukavu
Asanteni. Nimepanga safu ya Kampala kutoka ndogo kwenda kubwa, na juu kuna 1,1 na 2,05 kabla ya 730. Nimeshawaandikia wanitumie faili asili. Bado jambo moja: karatasi za Kalehe zimeandikwa kwa mkono "3/4", bila mwaka, na karani wawili tofauti.

Himbi_juu
Angalia mstari wa juu na wa chini yake kwenye daftari hilohilo. Kama juu ni 2/4 na chini ni 4/4, hiyo ni Aprili. Kama daftari halifuati mpangilio, weka seli tupu na uandike pembeni kwamba haijulikani. Usiiache kompyuta ikuchagulie, maana ukiandika 3/4 itajaza mwaka wa leo.