Mume wangu anapeleka mambo yetu ya ndani kwao, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Nina miaka minne kwenye ndoa, mume wangu ananipenda na sina shaka na hilo, ila kila kitu chetu kinafika kwa mama yake na dada zake. Tulienda kupima uzazi, majibu tukayapokea sisi wawili tu na daktari, siku ya tatu wifi ananipigia kunipa pole na dawa za kienyeji eti nisikate tamaa. Nililia sana.

Nikamuuliza akasema mama siyo mtu baki. Na kweli kwao wamelelewa hivyo, hana nia mbaya, anapozidiwa na mawazo anamwaga kwa mama, basi tukakubaliana mambo ya hospitali, hela na chumbani hayatoki mpaka wote wawili turidhie, na wakimuuliza ajibu tu "tukiwa tayari tutawaambia". Ikaenda vizuri wiki tano hivi, halafu akateleza akawaambia mkopo wangu wa kikoba, ila safari hii alikuja mwenyewe kunieleza kabla sijasikia kwa watu.

Shida sasa ni mimi, nimeanza kumficha, hata kipimo cha juzi sijamwambia na roho inaniuma. Nimefikiria kumwita mshenga wetu, lakini ni rafiki wa mjomba wake, naogopa nayo yatafika kulekule. Waliopitia hili, mlianzia wapi? Niongee na mama mkwe mwenyewe kwa heshima, au nimwachie mume aongee na mama yake?