Viwanda vya samaki vimegeuka "mimea"! Insha za tafsiri ya mashine zimetuchosha

KalamuNyekundu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe. Swali kwa wanafunzi lilikuwa jepesi: insha ya Kiswahili kuhusu uvuvi wa sangara hapa Mwanza, kurasa nne. Mtu anaishi dakika chache tu kutoka Mwaloni Kirumba, halafu analeta hiki:

"Sangara ilianzishwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Leo inacheza jukumu muhimu katika uchumi wa Mwanza. Wavuvi hufika kwenye tovuti za kutua saa 7 asubuhi, ambapo samaki huuzwa kwa mimea ya usindikaji."

Mimea! Mchicha ndio unaosindika minofu siku hizi?

Mnadhani hatuoni. Programu ya kupima ufanano haioni, hilo ni kweli, kwa kuwa kwa kawaida inalinganisha maneno na maneno ya lugha ileile. Chanzo kikiwa cha Kiingereza na kazi ikiwa ya Kiswahili, asilimia inatoka ndogo na mwanafunzi anatembea kifua mbele. Ila jicho la msomaji ni kitu kingine.

Mtu asiyejua Kiswahili vizuri hukosea karibu na shabaha. Ataandika "kiwanda ya samaki", ngeli itakwenda mrama, lakini hataandika mmea, maana kichwani mwake anaona jengo na malori ya barafu. Mashine haioni jengo. Inaona neno la Kiingereza lenye maana mbili, mmea na kiwanda, na hapa imeokota isiyohusika. "Tovuti" ni hivyo hivyo: kwa Kiingereza neno moja hubeba mahali na ukurasa wa mtandaoni. Mvuvi kashushia samaki mtandaoni! Mwalo umekosa nini hata usitajwe?

Kipimo changu ni hiki. Nikikuta neno lisiloingia akilini, narudisha sentensi nzima kwa Kiingereza. Ikirudi imenyooka, na upuuzi ukaondoka wenyewe, najua ilikotoka. Kosa lililozaliwa kwenye Kiswahili halinyooki ukilipeleka Uingereza. "Ilianzishwa" pia ipimeni hivyo. Chama huanzishwa, shule huanzishwa, samaki hupandikizwa.

MzeeWaIgoma

Umesema kweli mkuu. Mimi hata siangalii mbali. Nikiona "sangara ilianzishwa" badala ya "alipandikizwa" nimemaliza. Kiumbe hai huchukua a- na wa-, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Na saa ikiandikwa kwa tarakimu, huyo ni mashine. Sifuri, tusonge mbele.

BintiMwaloni

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo kwenye ngeli taratibu. Njoo sokoni asubuhi usikilize: "dagaa imepanda bei", "sangara imeadimika wiki hii". Wanaosema hivyo wamezaliwa hapa hapa ziwani. Samaki akishakuwa bidhaa kwenye ndoo, watu wengi wanamtoa kwenye uhai. Kwa hiyo i- peke yake haimfungi mtu. Kinachonishtua mimi ni "ilianzishwa" yenyewe, kitenzi, siyo kile kiambishi cha mbele.

Na tarakimu si kosa, mbona hata matangazo ya mikutano yanaandika "saa 4:00 asubuhi"? Tazama saa inasema nini. Saa saba kwetu ni mchana au usiku. "Saa 7 asubuhi" haipo, ni saa ya Kiingereza iliyovalishwa neno asubuhi bila kuhesabiwa upya. Ilitakiwa saa moja. "Saa 6 jioni" nayo haipo, ni saa kumi na mbili.

KalamuNyekundu

Binti umenisaidia, na ongeza hii ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu haipigi kelele. Kuna insha nyingine ilisema wavuvi wa dagaa huvuta nyavu zao kwa mwanga wa taa "saa 4 asubuhi". Kiswahili safi kabisa, saa nne asubuhi ipo. Lakini dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa ndiyo inayowavuta waje juu. Saa nne asubuhi jua limeshachoma, taa ya nini? Chanzo kilisema saa 4 kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa kumi alfajiri yetu, tarakimu ikahamishwa ilivyo. Hapo sarufi haikusaidii, unatakiwa ulijue ziwa.

Mwanachuo_Buzuruga

Mimi nilikatwa alama kwa ajili ya "inacheza jukumu muhimu" na niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, usiku kucha! Redioni wanasema "kucheza nafasi" kila siku. Sekondari nzima tumesomeshwa kwa Kiingereza, leo mnashangaa tukiandika hivi? Nani ananirudishia alama zangu?

KalamuNyekundu

Mdogo wangu, kwa hilo peke yake walikuonea. "Inacheza jukumu" ni Kiswahili kibovu, ningeandika pembeni "ina mchango mkubwa", lakini kibovu hicho kimeshaenea midomoni mwa watu. Si ushahidi. Mimi sihukumu kwa neno moja. Nikikuta mmea, tovuti na saa 7 ndani ya aya moja, namwita mwandishi, namwekea aya yake mezani na kumuuliza kwa upole: hii tovuti ya kutua iko wapi hapa Mwanza? Aliyeandika mwenyewe hucheka na kusahihisha palepale. Aliyebandika huanza kuisoma sentensi kama anaiona kwa mara ya kwanza.

Sengerema1

Kwa hiyo mnatukataza kusoma vitabu vya Kiingereza? Mambo ya uvuvi karibu yote yameandikwa kwa Kiingereza, tutoe wapi?

BintiMwaloni

Hakuna aliyekataza, kaka. Soma, funga kitabu, andika ulichoelewa, taja chanzo. Kinachogomba ni kupitisha aya ya mtu kwenye mashine na kuiita yako. Hata ikitafsiriwa vizuri bado ni ya mtu.

MzeeWaIgoma

Marahaba binti, ngeli nimekubali. Ila mnajidanganya. Mashine za sasa zinasoma sentensi nzima, mimea na tovuti zinapungua. Mwanafunzi mjanja atafuta hizo tatu, kisha mtamkamata kwa lipi?

KalamuNyekundu

Kwa majina ya vitu, mzee. Insha ya uvuvi wa Mwanza isiyo na mwalo, kokoro, makila wala karabai, ila ina "taa za shinikizo", inanipa shaka hata kama sarufi yake imenyooka. Na kitu kimoja kubadilika jina: aya ya kwanza sangara, ya tatu "sangara wa Nile", ya tano "samaki wa Mto Nile". Mwandishi huwa anashika jina lake moja akaenda nalo.

BintiMwaloni

Hapo sasa mimi siko nawe. Mwenzetu aliyetoka Dodoma mwaka huu atayajulia wapi makila? Kuna mmoja aliandika "vibofu vya kuogelea vya sangara huuzwa nje ya nchi". Sisi tunasema mabondo, na kweli kinanuka tafsiri. Lakini kama hajawahi kusikia bondo, akafungua kamusi mwenyewe akaunganisha neno kwa neno, atatoka na kibofu hicho hicho. Utatofautishaje?

KalamuNyekundu

Kwa kibofu peke yake, siwezi. Ningemwita tu.