Mrejesho: kofia moja, wateja wawili

Niliuliza: "Mteja akiacha kikapu kisha akarudi kesho yake, nitapimaje kwamba kofia ya mwisho haiuzwi mara mbili?"

Ahsanteni sana ndugu zangu. Duka letu hapa Lamu linauza kofia za vito zilizoshonwa kwa mkono, na kumuuzia mtu kofia ambayo haipo kunaniuma kweli.

Aliyenishauri niipe programu saa ya bandia amenisaidia mno. Jaribio linamtengea mteja kofia, linasogeza saa dakika 16 (tunashikilia kwa 15), wa pili anaichukua, ndipo wa kwanza anarudi. Kosa likaonekana hapo hapo: kikapu cha zamani kililipiwa bila kuangalia stoo. Sasa kikifufuliwa kinaomba kutengewa upya:

```sql
UPDATE kofia SET zilizopo = zilizopo - 1
WHERE id = 7 AND zilizopo > 0;
```

Ikibadilisha safu 0, mteja anaambiwa kofia imeshachukuliwa.

Kuponi ndizo hazijakaa sawa. Kwa kofia ya shilingi 2,000, kutoa asilimia 10 kisha 200 kunabakisha 1,600. Kikapu kikifufuliwa zilipinduka, ikawa 1,620. Kuhifadhi mpangilio wake kumeponya hilo, lakini kuponi iliyokwisha muda usiku bado inapita.