Mrejesho: friji kwenye mahojiano ya Mwaloni

Niliuliza: "Nimerekodi mahojiano Mwaloni Kirumba, friji inanguruma nyuma. Nikisafisha, sauti inakuwa ya kiroboti. Nifanyeje?"

Wakuu, imekubali. Mngurumo wa umeme hukaa 50 Hz na vigawe vyake, kwa hiyo nimeukata kwanza kwa Notch Filter ya Audacity: 50, 100, kisha 150, Q ikiwa 30. Q ndogo hukata pana na kukondesha sauti ya mwanaume.

Noise Reduction ikabaki na kazi ya kuondoa "shhh" tu, hivyo 6 dB zilitosha. Kabla ya kukubali, chagua Residue usikilize kinachoondolewa. Maneno yakisikika humo, shusha Sensitivity, kisha rudisha Reduce ndipo ukubali. Sauti za injini za mitumbwi zilizoingia pia kwenye rekodi nimeziacha. Hubadilika mno, dawa hii haiziwezi.