Meseji ya Ami Saidi

Kikundi: Ukoo na Majirani, Kikwajuni

[19:35] Shufaa: Sufuria kubwa ya pilau ya kesho iko kwa nani?

[21:08] Shangazi Maryam: Asalaam alaykum jamani. Nimepata meseji ya kawaida, si ya Watsapu, kutoka kwa Ami Saidi, Maskat. Naileta kama ilivyo.

```
?????? ????? ????? ???? ??????? ?????? 15 ????? ?????
```

Nimemkosea nini mie? Hatujaongea tangu Ijumaa.

[21:11] Juma jirani: Huyo kakasirika, Shangazi. Anadai jibu. Mwenye nyumba wangu kila tarehe 5 hunitumia "??" tu, haongezi neno, nami najua ni kodi.

[21:14] Hafidh: Ya mwenye nyumba ni ombi kweli, Kaka Juma, maana nyote wawili mnajua kinachodaiwa. Shangazi, kuna kitu Ami alikuuliza ukaacha kumjibu?

[21:15] Shangazi Maryam: La, hakuna.

[21:19] Hafidh: Basi tazama nafasi zilizomo. Mtu mwenye hasira hubonyeza mfululizo, hakai akazigawa sita, tano, tano, nne, saba. Mgawanyo huo ni wa maneno. Nadhani Ami kaandika kwa herufi za Kiarabu, na mtambo mmojawapo njiani hauzijui, ukaweka ? mahali pa kila herufi. Nafasi na tarakimu zimepita salama, ndiyo maana 15 unaiona. Mimi kazini natuma meseji za wazazi wa shule, na salamu za Idi tulizoandika kwa Kiarabu ziliwahi kuwafikia hivi hivi.

[21:21] Juma jirani: Aa, kumbe ni kile kitochi cha Shangazi hakina Kiarabu. Airushe kwenye simujanja, itasomeka.

[21:24] Hafidh: Kama tatizo lingekuwa kitochi, angeona vijisanduku vitupu. Hapo herufi zinakuwa zimefika ila simu haina namna ya kuzichora, na simu nyingine huweza kuzisoma. Hizi zimeshageuzwa. Hata akiirusha kwenye simu ya bei gani, zitakwenda alama zile zile.

[21:25] Shufaa: ???

[21:26] Shangazi Maryam: Na ya Shufaa nayo imeharibika njiani?

[21:28] Hafidh: Hiyo nzima, Shangazi. Alama tatu zimeshikana, hazina nafasi, na ni yeye mwenyewe aliyeuliza saa 19:35 hakujibiwa. Ombi lake liko kule juu, hizi anatukumbusha tu. Shufaa subiri kidogo mama.

[21:33] Bibi Zuhura (namwandikia mie, Time): Bibi kazihesabu kwa kidole. Anasema sita ni alifu, lamu, sini, lamu, alifu, mimu. Tano ni aini, lamu, ya, kafu, mimu. Hiyo ni Asalaam alaykum. Tano nyingine warahmatu, nne Allah, saba wabarakatuh. Anasema salamu imetimia, mtu aliyekasirika hatoi salamu ndefu hivyo.

[21:35] Shangazi Maryam: Alhamdulillahi. Moyo umetulia.

[21:36] Juma jirani: Na 15 je? Si anaomba riali 15? Au anazituma?

[21:40] Hafidh: Salamu tumeipata kwa sababu maneno yake tunayajua kabla, na matano yamelingana mfululizo. Baada ya hapo neno la herufi sita linaweza kuwa lolote. 15 huenda ni tarehe, huenda ni fedha. Na alama ya kuuliza ya Kiarabu nayo hugeuka ? kama herufi. Lile neno la mwisho lina herufi tano, au lina nne na swali mwishoni. Kwa hiyo hata kama anauliza au anatupasha habari, hapa halionekani.

[21:42] Bibi Zuhura (Time): Bibi anasema tena, Saidi tangu chuoni huandika Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu. Hata kukisia kwa Kiarabu tutapotea.

[21:44] Juma jirani: Mimi bado naona ni fedha. Ningeandaa.

[21:47] Hafidh: Usiandae kitu, Shangazi. Mwandikie kwa herufi za kawaida: "Ami, meseji imefika alama tupu, imesomeka 15 tu. Irudie kwa herufi za Kizungu au tuma sauti Watsapu." Ukimwambia umesoma 15, atajua wapi pa kuanzia.

[21:58] Shangazi Maryam: Nimemwandikia, na simu nimepiga, inaita tu. Kwao ni karibu saa tano usiku, kashalala. Naogopa tarehe 15 ni keshokutwa.

[22:00] Hafidh: Basi piga tena alfajiri baada ya sala. Wao wametutangulia saa moja, atakuwa macho.

[22:01] Juma jirani: Shufaa, sufuria ninayo mimi tangu arubaini ya mzee. Niilete sasa au kesho asubuhi?

[22:02] Shufaa: Sasa. Na mwiko wake.