Malipo ya pamoja yamefeli kwa watu 9, hela iliyorudi haitoshi!

Wakuu, nimechoka. Nipo Masasi, nina kibanda cha kubangulia korosho. Ijumaa nimelipa kina mama 84 kwa mkupuo kutoka akaunti ya biashara, jumla 7,140,000. Kuidhinisha tu, hela yote imekatwa. Ripoti inaonyesha 75 wamepata, 9 wameandikwa `Failed`, stahili zao ni 760,000. Leo zimerudi 580,000. Na zimerudi kwa muamala mmoja, bila jina la mtu wala namba!

Hiyo 180,000 ni ya nani? Kwenye hao tisa, watatu wanadai 90,000 kila mmoja, mwingine 100,000, watatu 80,000. Inaweza kuwa 90 mbili, inaweza kuwa 100 na 80. Nikipiga huduma kwa wateja naambiwa "lipa upya tu". Nilipe upya kwa hela ya nani?

Kusini_Damu: Tulia mkuu, ndani ya saa 24 inarudi yenyewe.

Mtunza_Leja: Inarudi yenyewe pale muamala ulipokataliwa wazi, mfano namba haijasajiliwa au pochi ya mpokeaji imejaa. Ila kama umetuma kwenda mtandao mwingine na jibu halikurudi kwa wakati, upande wako unaweza kuandika umefeli huku kule imeingia. Hapo mpaka mitandao miwili ilinganishe hesabu. Usilipe upya, utalipa mara mbili. Na usikisie kwa kuangalia kiasi. Wadai faili la marejesho lenye namba ya muamala wa awali kwa kila mtu, kisha uoanishe namba kwa namba na ripoti yako.

Mama Ufuta: Hata mimi nilikosea namba moja, hela ikaenda kwa kijana wa Nachingwea akazima simu. Hawa watu hawarudishi!

Mtunza_Leja: Pole dada, lako ni jingine. Hiyo ilifika, kwa mtu siye.

Mwenye uzi: Nimewaita wote tisa waje na simu zao. Mmoja ana kitochi, meseji ziko 200 na ushee, tumeshuka nazo moja moja. Kumbe 90,000 yake iliingia Ijumaa usiku! Hakujua, mjukuu ndiye anayemsomea. Na laini yake ni ya mtandao mwingine kweli.

Mtunza_Leja: Basi ibaki 90,000, hiyo ya 100 na 80 imejifuta. Ni mmoja kati ya wale wawili wa tisini. Laini zao?

Mwenye uzi: Wote wawili mtandao huo huo wa nje. Meseji hawana, salio wanasema halijaongezeka. Faili nimeahidiwa Jumatatu. Na makato ya hao tisa mbona hayamo kwenye 580,000?

Kusini_Damu: Hayo sahau.

Mwenye uzi: Sisahau ng'o.