Mrejesho: gharama ya mwezi ya hifadhidata ya vekta

Niliuliza: "Tuna watumiaji 3000, hifadhidata ya vekta ya kutunza kumbukumbu zao itatugharimu kiasi gani kwa mwezi?"

Nashukuru kwa ushauri wa kuhesabu kumbukumbu badala ya watu. Kila mtumiaji ana takriban kumbukumbu 200, kila moja ikiwa vekta ya namba 1536 zenye baiti 4:

```
3000 × 200 × 1536 × 4 = 3,686,400,000
```

Nilidhani gigabaiti 3.7 zingetosha, lakini faharasa ya HNSW ya pgvector ilifika karibu 4.9, kwa kuwa vekta ya baiti 6144 hukalia peke yake ukurasa mzima wa baiti 8192, na sehemu kubwa ya nafasi inayobaki hupotea. Faharasa ikizidi RAM, utafutaji husoma diski na kupungua kasi, kwa hiyo tulikuwa tunaelekea kukodi seva ya gigabaiti 8.

Tulijenga faharasa upya kwa `halfvec`, yenye baiti 2 kwa namba. Sasa vekta mbili huingia katika ukurasa mmoja, faharasa imeshuka hadi takriban 2.5, na seva ya gigabaiti 4 inatutosha. Kodi ya seva hiyo, pamoja na diski na nakala rudufu, ndiyo karibu gharama yetu yote, kwani kugeuza maandishi kuwa vekta hulipiwa mara moja tu kwa kila kumbukumbu.